Tangazo Lipi Linaleta Mgeni Anayelipa? Namba za Ofa na Linki Zenye Alama kwa Nyumba za Wageni za Karatu

Katika vikao vya kamati zinazosimamia nyumba za wageni, hosteli na kambi za mahema kuna swali linalorudi kila bajeti inapoandaliwa. Fedha za matangazo zilitumika, wageni walikuja, lakini ni tangazo gani lililowaleta? Mjumbe mmoja atasema ni bango la barabarani, mwingine atasema ni Facebook kwa sababu kijana wake aliona watu wengi wameipenda picha ya chumba, na mhasibu atanyamaza kwa kuwa risiti zake hazisemi lolote juu ya jambo hilo. Makala haya yanaeleza njia mbili za kupata jibu, yaani namba za ofa na linki zenye alama. Yanaeleza pia mahali ambapo njia hizo zinaweza kuidanganya kamati.

Tunachukua mfano wa Karatu kwa sababu mji huu una hali yake ya pekee. Msafiri anayetoka Arusha hupita Makuyuni, Mto wa Mbu na Rhotia, kisha hufika Karatu, mji wa mwisho mkubwa kabla ya lango la Loduare la Hifadhi ya Ngorongoro. Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi, na anayetaka kuteremka kreta mapema anaona vema kulala karibu. Hoteli za ukingoni mwa kreta ni ghali, kwa hiyo wengi hulala Karatu. Lakini wageni hao hawaamui kwa namna moja. Wapo waliopangiwa kila kitu na kampuni ya utalii ya Arusha, wapo wanaoletwa na dereva aliyeulizwa njiani, wapo wanaokwenda Ziwa Eyasi kwa Wahadzabe na Wadatoga, na wapo waliosoma habari zetu katika jarida la parokia rafiki huko Ulaya. Kila njia ina tangazo lake na gharama yake.

NAMBA YA OFA NI NINI

Ni neno fupi, au herufi na tarakimu chache, ambalo mteja hulitaja anapoweka nafasi ili apate kitu fulani, kwa mfano punguzo la shilingi 5,000. Kila tangazo hupewa neno lake. Tangazo la Facebook likiwa na neno TWIGA na jarida la parokia rafiki likiwa na neno NYUMBU, karani wa mapokezi akiandika neno hilo kwenye daftari kila mgeni amejitambulisha mwenyewe ametoka wapi.

Jambo hili si geni. Wafanyabiashara wa Marekani waliouza kwa njia ya posta walikuwa wakichapisha kuponi magazetini, na anwani ya kila gazeti ilikuwa na tofauti ndogo, mathali namba ya idara ambayo kwa kweli haikuwepo. Barua ikifika walijua imetoka gazeti gani. Claude Hopkins alieleza kazi ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1923 kuhusu matangazo. Kilichoongezeka leo ni simu na mtandao tu.

Chagueni maneno ambayo mgeni anaweza kuyatamka kwa simu bila kukosea. Majina ya wanyama yanafaa sana kwetu, maana mgeni amekuja kuwaona. Epukeni kuchanganya herufi O na sifuri, au I na moja. Na neno lisibadilishwe katikati ya msimu, kwa sababu vipeperushi vya zamani vitaendelea kuzunguka kwa miezi mingi. Bila kitu chochote cha kumvutia, mgeni hatajisumbua kulitaja. Si lazima kiwe punguzo la fedha. Pakiti ndogo ya kahawa ya Karatu inaweza kutosha, na tutaona baadaye kwa nini inaweza kuwa bora zaidi.

LINKI YENYE ALAMA

Tangazo likiwa mtandaoni, mtu habonyezi neno, anabonyeza linki. Mwisho wa linki hiyo huongezwa maelezo yanayosema imetoka wapi:

```
https://www.example.org/vyumba?utm_source=facebook&utm_medium=paid_social&utm_campaign=jan2025
```

Weka anwani ya tovuti yenu mahali pa ile ya mfano. Sehemu ya kwanza baada ya alama ya kuuliza husema chanzo, ya pili aina ya tangazo, ya tatu jina mlilolipa tangazo lenyewe. Herufi utm zimebaki kutoka katika programu iliyoitwa Urchin, ambayo Google iliinunua mwaka 2005 na kuitumia kutengenezea Google Analytics. Programu hiyo ikiwa imewekwa kwenye tovuti yenu, itahesabu waliofika kwa kila linki.

Makosa matatu ndiyo tunayoyaona zaidi. La kwanza ni kuandika Facebook kwa herufi kubwa leo na facebook kwa herufi ndogo kesho. Programu huyahesabu kuwa mambo mawili tofauti. La pili ni kujitungia neno la aina ya tangazo. Google Analytics hutambua maneno fulani tu, kama `email` au yale yanayoanza na `paid`, na ukiandika tangazo kwa Kiswahili huenda ikawatupa wageni hao kwenye fungu lisilo lao, au kwenye lile la `Unassigned`, yaani wasio na fungu. La tatu ni kuweka alama hizo kwenye linki zilizomo ndani ya tovuti yenyewe, kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Mgeni aliyetoka Facebook akibonyeza hapo, chanzo kipya huandikwa, na cha kwanza kinaweza kupotea katika hesabu ya malipo.

Lakini Karatu wengi hawaweki nafasi kwenye tovuti. Wanaandika WhatsApp, na linki iliyotumwa kwa WhatsApp bila alama mara nyingi huonekana kwenye hesabu kama mtu aliyeandika anwani mwenyewe. Hapo linki ifuatayo ina msaada mkubwa kuliko ile ya kwanza:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Naulizia%20chumba.%20Namba%20ya%20ofa%20TWIGA
```

Namba ya simu huanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Hizo `%20` ni nafasi kati ya maneno. Mgeni akibonyeza, WhatsApp hufunguka ikiwa na ujumbe ulioandikwa tayari, neno la ofa likiwa ndani yake, naye hubonyeza kutuma. Kwa wageni wa nje ujumbe uandikwe kwa lugha yao. Karani hana haja ya kuuliza chochote. Wachache watafuta maneno hayo na kuandika yao, lakini ni wachache.

Angalizo moja: msiweke jina wala namba ya simu ya mgeni ndani ya linki. Linki hubaki kwenye kumbukumbu za watu wengi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

HESABU YENYEWE

Tuchukue nyumba ya wageni ya mfano yenye vyumba 12. Tarakimu zote ni za mfano, zimewekwa ili hesabu ieleweke. Chumba ni shilingi 70,000 kwa usiku. Chai ya asubuhi, kufua shuka, maji na sabuni ni shilingi 25,000, kwa hiyo usiku mmoja usio na punguzo hubakiza 45,000. Kamati imeamua kila mwenye namba ya ofa apunguziwe 5,000, yaani zibaki 40,000.

Matangazo yaliyowekwa Januari hadi Machi 2025 ni matatu. La Facebook limegharimu 600,000 na neno lake ni TWIGA. Kadi za madereva waongoza wageni zimechapishwa kwa 120,000. Kila dereva ana namba yake, kuanzia D01, na kwa kila usiku wa mgeni aliyemleta anapewa kamisheni ya 5,000 juu ya punguzo la mgeni. La tatu ni tangazo dogo katika jarida la parokia rafiki ng'ambo, ambalo halikulipiwa, na neno lake ni NYUMBU.

Daftari la mapokezi linahitaji safu nne tu zaidi ya zile za kawaida: tarehe ya kuuliza, namba ya ofa, tarehe ya kulipa, na kiasi kilicholipwa. Safu ya kuuliza na ya kulipa zisiunganishwe kamwe. Facebook ilileta watu 84 waliouliza. Kwa macho ya kamati huo ni ushindi mkubwa. Waliolipa walikuwa watatu, nao walilala jumla ya usiku 5. Usiku 5 mara 40,000 ni 200,000, ukitoa gharama ya 600,000 kuna hasara ya 400,000. NYUMBU iliuliziwa na watu 6 tu, watano wakalipa, mmoja wao akiwa na kikundi, na usiku wa vyumba ulifika 40. Hizo ni 1,600,000 bila gharama yoyote ya tangazo. Hapa tusifurahi upesi. Kikundi hicho kimoja kingeahirisha safari, picha yote ingebadilika. Malipo matano hayatoshi kutabiri mwaka ujao. Yanatosha kuomba nafasi tena katika jarida.

Wageni wa NYUMBU waliuliza Februari, wakalipa Aprili, wakaja Julai. Kamati ingefunga hesabu mwishoni mwa Machi ingeandika sifuri. Kwa hiyo wahesabuni wageni kwa mwezi waliouliza, si mwezi waliofika, na msitoe hukumu kabla ya miezi sita kwa wageni wa ng'ambo. Kwa wanaoletwa na dereva mwezi mmoja unatosha, maana wao huulizia saa 10 jioni na kulala usiku uleule.

KADI ZA MADEREVA

Sasa tuje kwenye kadi za madereva, kwa sababu hapa ndipo kamati nyingi hupotea zikidhani zimepata. Namba za D zilileta usiku 41 wa vyumba. Kila usiku ulibakiza 35,000, baada ya punguzo la mgeni na kamisheni ya dereva. Jumla ni 1,435,000, na ukitoa 120,000 za kuchapisha kadi zinabaki 1,315,000. Ni tangazo la kulipiwa lililofanya vizuri kuliko la Facebook, na mjumbe yeyote angependekeza kadi ziongezwe.

Lakini mhasibu alifungua daftari la mwaka uliotangulia. Miezi hiyohiyo ya 2024, kabla ya kadi, wageni walioletwa na madereva walilala usiku 30, bila punguzo na bila kamisheni. Usiku 30 mara 45,000 ni 1,350,000. Maana yake kadi ziliongeza usiku 11 na bado nyumba ilibaki na pungufu ya shilingi 35,000 kuliko mwaka ambao hapakuwa na kadi. Fedha zilikwenda wapi? Zilitolewa kwa wale 30 ambao wangekuja hata hivyo. Namba ya ofa husema nani aliitumia. Haisemi nani asingekuja bila hiyo.

Kamati haikufuta kadi. Iliangalia kuwa mgeni wa dereva hakuja kwa ajili ya punguzo, kwani mara nyingi alilijua akiwa tayari mlangoni. Aliyevutwa na kadi ni dereva. Punguzo la mgeni likiondolewa na kamisheni ikibaki, kila usiku hubakiza 40,000. Usiku uleule 41 ungeleta 1,640,000, ukitoa kadi 1,520,000, yaani 170,000 zaidi ya mwaka wa nyuma. Hesabu hiyo ni kweli iwapo idadi itabaki 41, na hilo litajulikana kwa kujaribu tu. Pakiti ya kahawa kwa mgeni ingegharimu kidogo kuliko 5,000, na ingemfanya ataje namba.

Kulinganisha na mwaka uliopita nako kuna mtego. Pasaka ya 2024 iliangukia tarehe 31 Machi, na ya 2025 ikawa tarehe 20 Aprili. Wageni wa sikukuu waliohesabiwa Machi mwaka mmoja wamehamia Aprili mwaka wa pili, kwa hiyo huenda ongezeko la kweli la kadi lilikuwa kubwa kidogo kuliko 11. Na kulinganisha Mei, wakati wa masika na barabara za vijijini zenye tope, na Julai ambapo magari yanapanga foleni langoni, hakusemi lolote kuhusu tangazo. Njia iliyo safi zaidi ni kuwapa kadi nusu ya madereva mnaowafahamu, mkiwachagua kwa kura na si kwa urafiki, kisha kuangalia baada ya miezi mitatu kama nusu hiyo imeleta zaidi. Wale wasio na kadi waandikwe namba za magari yao, vinginevyo hakutakuwa na cha kulinganisha.

NAMBA INAPOVUJA

Namba hutoka mahali pake. Karani mwenye moyo mwema humnong'oneza mgeni aliyeingia kutoka barabarani, "Sema TWIGA, utapunguziwa." Karani asiye na moyo mwema huandika D07 kwa mgeni aliyekuja kwa basi, kisha hugawana kamisheni na dereva. Wageni nao huandikiana mtandaoni. Kwa vyovyote vile, tangazo husifiwa kwa kazi ambayo halikuifanya.

Dalili zinaonekana ukilitazama daftari kwa utulivu. Namba ya dereva imeandikwa lakini safu ya namba ya gari iko wazi, au gari ni la kampuni nyingine. Neno la Facebook limeendelea kutumika wiki kadhaa baada ya tangazo kusimamishwa. Namba moja hutokea siku za zamu ya karani mmoja tu. Tarehe ya kuuliza na ya kulipa ni saa ileile kwa neno ambalo liko ng'ambo peke yake. Dawa ya kwanza si kumshutumu mtu. Ni kuandika namba ya ofa wakati wa kuuliza, si wakati wa kulipa, na kumwachia mweka hazina alipe kamisheni mwisho wa mwezi akiwa na daftari mkononi.

MGENI ASIYETAJA NAMBA

Kikwazo kikubwa cha Karatu ni kampuni za utalii. Mama mmoja huko nje anaona tangazo letu Facebook, anapendezwa, anamwambia wakala wake, "Ngorongoro nataka nilale pale." Wakala anaandika barua pepe kuomba chumba kwa bei ya mawakala. Neno TWIGA halikutajwa popote. Kwenye daftari mgeni huyo ni wa wakala, na Facebook imepata sifuri.

Ndiyo maana fomu ya kuandikisha wageni inahitaji swali moja, ambalo aliyelala ndiye alijibu na si wakala: ulisikia habari zetu mara ya kwanza wapi? Msiweke orodha ndefu ya kuchagua, kwa kuwa mgeni aliyechoka na vumbi huweka alama kwenye mstari wa juu. Acheni nafasi wazi aandike mwenyewe.

Katika mfano wetu, fomu zilionyesha usiku 9 wa wageni wa mawakala ambao walisema waliona kwanza Facebook. Bei ya mawakala ni 60,000, hivyo kila usiku hubakiza 35,000, jumla 315,000. Ukijumlisha na zile 200,000 za TWIGA, Facebook imeleta 515,000. Bado ni pungufu ya gharama yake kwa 85,000, lakini 85,000 si 400,000. Kamati iliyokuwa tayari kulifuta tangazo sasa ina swali dogo zaidi: je, likilengwa kwa watu wachache zaidi kwa 300,000 badala ya 600,000, wageni watapungua kwa nusu au kwa kidogo? Watu wasahaulifu pia wapo, na kumbukumbu ya mgeni si risiti, kwa hiyo takwimu za fomu ziandikwe kando ya zile za namba na zisichanganywe katika jumla moja.

Kwa kamati inayotaka kuanza msimu ujao, kazi ya kwanza ni ya siku moja. Andikeni kila tangazo mlilonalo sasa, likiwemo bango, mpe kila moja neno lake, chapisheni orodha hiyo mara mbili, moja ibaki kwa mweka hazina na nyingine kwenye meza ya mapokezi bila viwango vya kamisheni. Bango litakuwa na shida yake: anayepita mbio Karatu mjini hawezi kunakili neno, na aliyekwisha kuamua kulala kwenu atalisoma akiwa anakata kona kuingia. Kwa bango tumieni namba ya simu ya peke yake isiyoandikwa mahali pengine popote, na kuhesabu simu zinazoingia.